Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Usafirishaji Umeme: zoni ya kwanza isifike mwisho wa laini

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: PENDEKEZO LA KUONGEZA ZONI YA KWANZA KUTOKA ASILIMIA 80 HADI 100

Nia ya pendekezo hili naielewa. Hitilafu ikitokea karibu na kituo cha mbali, iko nje ya zoni ya kwanza, yaani sehemu ya laini ambayo relei ya umbali, kifaa kinachotambua hitilafu na kuamuru laini ikatwe, huikata papo hapo; relei ya upande wetu husubiri sekunde 0.4 za zoni ya pili, inayofika kupita mwisho wa laini, kabla ya kukata, na kwa jenereta zinazopaswa kuendelea kuzunguka pamoja huo ni muda mrefu. Hata hivyo, nakuomba usilitie saini.

Relei hiyo haioni kilomita. Hugawanya volti kwa ampea, ikapata impidansi, na kutokana nayo hukadiria hitilafu ilipo. Chukua laini ya kilomita 100 yenye omu 0.4 kwa kila kilomita. Mwisho wake uko omu 40, na zoni ya kwanza sasa huishia omu 32. Radi ikipiga laini inayofuata, kilomita 2 kupita kituo cha mbali, impidansi halisi ni omu 40.8. Lakini transfoma za kupimia volti na mkondo huwa na kosa, thamani za laini tulizoingiza kwenye relei ni za makadirio, na mwanzoni mwa hitilafu mkondo hubeba sehemu ya moja kwa moja inayofifia, ambayo huweza kuifanya relei ione hitilafu iko karibu kuliko ilivyo. Kosa la asilimia 5 tu linatosha kuifanya isome omu 38.8. Ikiwa imewekwa omu 40, itakata papo hapo laini nzima isiyo na tatizo, huku laini iliyopigwa nayo ikikatwa na relei yake. Hitilafu ni moja, laini zilizopotea ni mbili, na kituo kilicho kati yake huenda kikabaki gizani.

Hata vipimo vingekuwa kamili, shida ingebaki. Hitilafu iliyo mita chache kabla ya basiba ya mbali, kipitishi cha kituo kinachounganisha laini zote, na iliyo mita chache baada yake hutoa karibu namba ileile. Ya kwanza ni yetu kuikata. Ya pili si yetu. Kwa kipimo cha upande mmoja hakuna wa kuzitofautisha.

Anayeweza ni relei ya upande wa pili. Hitilafu ikiwa kilomita 90 kutoka kwetu, sisi tunasoma omu 36, ndani ya zoni ya pili, naye anasoma omu 4 tu kwenye zoni yake ya kwanza. Anakata mara moja na kututumia ishara ya ruhusa. Relei yetu ikipata ishara hiyo huku zoni yake ya pili ikiwa imeshaona hitilafu, hukata bila kungoja sekunde 0.4.

Kwa hiyo naomba fedha zielekezwe kwenye njia ya mawasiliano kati ya vituo viwili hivi, na mpangilio wa omu 32 ubaki. Njia hiyo ikikatika siku yoyote, zoni ya pili bado itakata, kwa kuchelewa kama sasa.

Wako katika kazi,
Mhandisi wa ulinzi wa mifumo ya umeme