Chura aigizwe mara mbili

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni, katika shule moja hapa Mwanza, niliona wanafunzi wa msingi wakiigiza mnyororo wa chakula bwawani. Watoto walicheza vizuri. Ila mwandishi wa mchezo alimpa chura onyesho moja tu: anakula mdudu, analiwa na samaki, basi. Hapo utamu wote ulipotea.

Kiluwiluwi wa chura kwa kawaida hutafuna mwani ulioganda kwenye mawe na mashina ya matete. Adui yake mmoja mkubwa ni mtoto wa kereng'ende, anayeishi majini na kujificha kwenye tope. Mdomo wake wa chini umekunjwa kama mkono. Hufyatuka ghafla, ukamnasa kiluwiluwi. Baadaye kereng'ende huota mabawa na kutoka majini, na kiluwiluwi aliyenusurika huwa chura. Sasa aliyekuwa akiwindwa ndiye mwindaji. Mwanafunzi yuleyule arudi jukwaani, amkabili kereng'ende na kusema: "Ndugu zangu uliwamaliza nikiwa na mkia. Leo nina ulimi." Darasa zima litakumbuka kwamba nafasi ya mnyama bwawani hubadilika kadiri anavyokua.

Kasoro ya pili ni idadi. Mwani walikuwa wanne, vyura wanne, kambale wanne, korongo wanne. Bwawa la namna hiyo lingekwisha chakula upesi. Napendekeza punje za mahindi, zihesabiwe kabla, si jukwaani. Mwani waanze na punje 1,000. Kila anayeliwa amkabidhi mlaji punje zake, na mlaji abaki na moja tu katika kila kumi. Tisa azitie kwenye ndoo, maana chakula kingi huishia kwenye mwendo, joto la mwili na kinyesi. Viluwiluwi wote watabaki na 100, kambale 10, korongo 1. (Moja ya kumi ni makadirio, bwawani hupungua au huzidi.) Korongo akiinua punje yake moja, hakuna atakayeuliza kwa nini yuko peke yake. Na kwa kuwa punje hutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula, mtoto hatachora tena mshale wa mnyororo wa chakula kinyume ubaoni.

Halafu vazi. Korongo wa mchezo ule alikuwa na upara na mfuko shingoni, yaani yule ndege wa majalalani tunayemwona Kirumba akigombea matumbo ya samaki. Korongo anayevua samaki bwawani ana shingo nyembamba iliyopinda, na husimama kimya majini muda mrefu kabla ya kuchoma mdomo. Apewe mtoto anayeweza kutulia. Wapo, japo wachache.

Mwisho wa mchezo korongo alishangiliwa kama mfalme asiyekufa. Afe naye, na watoto wawili wanaoigiza bakteria waje wamwozeshe, wamrudishie mwani mbolea yake.

Mwalimu mstaafu wa sayansi,
Nyegezi, Mwanza