Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Pamoja na Maelezo Kuhusu Mabadiliko ya Riba

Ndugu wanachama,

Mikutano yetu ya Jumamosi hapa Tandika ilifanyika kama kawaida, hisa ziliuzwa, mfuko wa jamii uliwahudumia waliofiwa, na hesabu za mweka hazina zimebandikwa ukutani. Sioni haja ya kuyarudia mambo ambayo kila mmoja wetu alikuwapo, au alipaswa kuwapo, yalipofanyika.

Ninalolazimika kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa mwezi Juni wa kuacha riba ya asilimia 2 kwa mwezi na kuweka ya asilimia 3. Tangu siku hiyo inasemwa sokoni na hata kwenye daladala kwamba mwenyekiti amepandisha riba. Wengi wa wanaosema hivyo hawakuhudhuria. Kati ya wanachama 46 tulifika 24, akidi ikatimia kwa shida.

Riba ya zamani ilikuwa ya flati, yaani ilikokotolewa kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwezi wa mwisho, hata kama sehemu kubwa ya deni ilikwisha kulipwa. Chukueni mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12. Kila mwezi mwanachama alirejesha 100,000 ya mkopo pamoja na riba ya 24,000, jumla 124,000, na mwisho wa mwaka alikuwa amelipa riba ya 288,000. Tulikuwa tukiiita riba ya asilimia 24 kwa mwaka, nami nilikuwa miongoni mwa walioiita hivyo. Lakini tazameni mwezi wa 12 kwenye leja: deni lililobaki mkononi mwake ni 100,000 tu, na bado anatozwa 24,000, karibu robo ya deni kwa mwezi mmoja. Pesa ya 1,200,000 aliishika yote kwa mwezi wa kwanza peke yake.

Ili kupata gharama halisi, tunatafuta kiwango ambacho, kikitozwa kwenye salio peke yake, kitalimaliza deni hilo kwa marejesho 12 ya 124,000. Mwenye kompyuta aandike hivi kwenye Excel:

```
=RATE(12,-124000,1200000)
```

Jibu ni takriban asilimia 3.48 kwa mwezi, yaani asilimia 41.7 kwa mwaka. Asilimia 2 ya flati, kwa hiyo, ilikuwa ghali kuliko asilimia 3 tuliyoiweka sasa, ambayo ni 36 kwa mwaka, kwa sababu hii mpya inatozwa kwenye salio. Mwezi wa kwanza riba ni 36,000, wa pili 33,000, inashuka kwa 3,000 kila mwezi hadi kufikia 3,000 mwezi wa mwisho. Jumla ni 234,000, pungufu kwa 54,000.

Kilichonisukuma kulileta jambo hili ni mwanachama mmoja, mama lishe mwenye mkopo kama huo, ambaye baada ya marejesho matano alipokea zamu yake ya upatu na akataka kumaliza deni mwezi wa sita. Kwa utaratibu wa flati alitakiwa kulipa rejesho la mwezi huo na mengine sita yaliyobaki, jumla 868,000, ikiwamo riba ya miezi ambayo hangekuwa na pesa yetu. Kwa kuwahi kulipa, gharama yake halisi ilipanda hadi takriban asilimia 4.7 kwa mwezi. Kwa utaratibu wa sasa, mwezi huo angelipa salio la 700,000 na riba ya 21,000, basi.

Sifichi kwamba uamuzi huu una uzito wake. Rejesho la kwanza ni 136,000 badala ya 124,000, na mkopaji hupata nafuu kuanzia mwezi wa sita, jambo ambalo linamkabili vibaya anayeanza biashara. Pia faida ya kikundi imepungua, na wale wanaonunua hisa bila kukopa wameliona hilo kwenye gawio. Nadhani hapo ndipo chimbuko halisi la manung'uniko, ingawa yanasemwa kwa jina la wakopaji. Hata hivyo, gawio lile lilitoka mifukoni mwa wenzetu ambao hawakujua wanalipa kiasi gani, na mimi ndiye niliyekesha siku tatu na leja hadi nikaliona.

Wanachama 13 hawajalipa ada ya mwaka, baadhi yao wakiwa wasemaji wakubwa wa suala hili. Wenye mikopo ya zamani ya flati wameomba kuhamishiwa kwenye riba ya salio. Kamati italitazama ombi hilo hali ya mfuko itakaporuhusu, na tunatarajia pia kupata daftari jipya la mikopo lenye safu ya salio, kwani la sasa halina.

Mwenyekiti