Barua ya wazi kwa mdogo wangu mwalimu: kashata mia moja na hela ya kwenye kopo

Mdogo wangu,

Salamu sana. Umeuliza siku ya biashara ya vijana wako wa kidato cha pili iendeshwe vipi, nawe umeshaamua kila kundi la watu watano litengeneze bidhaa yake, liipangie bei, liiuze na kupiga hesabu ya faida. Nitakuandikia kundi moja tu, la kashata za karanga. Ukilielewa hilo hadi senti ya mwisho, la ubuyu na la bagia hayatakusumbua.

Anza na karanga zenyewe. Kilo mbili zinatosha. Wachague punje moja moja juu ya ungo, watoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Sumukuvu haimaliziki kwa kukaangwa, kwa hiyo karanga ya bei ya kutupa hapo ni hasara kwa mlaji, hata kama kwenye daftari inaonekana faida. Wazikaange kwa moto mdogo, zipoe, wazifikiche na kupepeta maganda. Kilo mbili mbichi hazirudi kilo mbili, kwa kuwa maji na maganda yameondoka. Waipime tofauti hiyo na kuiandika, maana hapo ndipo kijana anaona kwa macho yake kuwa alichonunua sokoni sicho atakachouza chote.

Wapike kwa awamu mbili, kila moja karanga za kilo moja kwa nusu kilo ya sukari. Wakitia zote kwa pamoja, shira inaganda kabla hawajamaliza kuchanganya. Sukari iyeyuke kwenye nusu glasi ya maji na matone machache ya ndimu, na ikishayeyuka wasiikoroge tena. Ikikorogwa ovyo hurudi kuwa chenga, na kashata inatoka nyeupe na kumung'unyika. Wajaribu kwa kudondosha tone kwenye maji baridi. Likivutika kama ulimbo, bado. Likiwa gumu na kukatika kwa mlio, ipo tayari. Mtu mzima asimame hapo jikoni, kwa sababu shira inaunguza kuliko maji yanayochemka, tena inanata kwenye ngozi.

Mimina mchanganyiko wenye iliki na chumvi kidogo juu ya ubao uliopakwa mafuta, uusukume upate sentimita 33 kwa 30, kisha ukate ungali moto: safu 11 upande mmoja, 5 upande wa pili. Ukipoa kabla ya kisu, unapasuka ovyo. Hapo una vipande 55, vya sentimita 3 kwa 6. Hesabu 50 vizima kwa kila awamu, vitano viwe vya kuvunjika. Kwa unyevu wa hapo Tanga, vifungwe mara tu vikipoa, la sivyo kesho yake vinanata mikononi.

Sasa twende kwenye bei, ambako vijana wengi hukimbilia kuuliza jirani anauza ngapi. Nitatumia bei za mfano, wewe weka za soko lako. Karanga 8,000, sukari 3,000, iliki 500, mafuta na chumvi 500, mkaa 2,000, vifuko 50 kwa 1,000, nauli ya sokoni 1,000. Jumla shilingi 16,000. Mkaa na nauli ndivyo husahaulika, kwa sababu havionekani ndani ya kashata. Lakini bila hivyo viwili gharama inakuwa 13,000, na hiyo 3,000 iliyopotea itajitokeza jioni kama faida isiyokuwepo.

Vipande 100 vizima, viwili viwili kwenye kifuko, ni vifuko 50. Kila kifuko kimewagharimu 320. Wakiuza 400 wanahitaji kuuza vifuko 40 ndipo mtaji urudi. Wakiuza 500 wanahitaji 32. Mimi ningechagua 500, na si kwa sababu ya faida peke yake. Mnunuzi wa mapumziko anakuja na sarafu ya 500 au noti ya 1,000, na bei ya 400 itamaliza sarafu za mia kabla foleni haijafika katikati. Muuzaji asiye na chenji anapoteza mteja au anakopesha bila kupenda. Bado wawe na chenji ya kuanzia, shilingi 5,000, iandikwe ukurasa wa kwanza. Mmoja tu ashike kopo, mwingine aandike kila kifuko kinachotoka, na wawili hao wasibadilishane kazi katikati.

Nikuoneshe jioni inavyoweza kuwa. Wameuza vifuko 38 kwa 500, yaani 19,000. Nusu saa ya mwisho wakashusha bei hadi 300, vikatoka sita, 1,800. Viwili vilikatwa vya kuonja, vitatu vilichukuliwa na marafiki kwa mkopo, kimoja kimebaki. Jumlisha: ni 50. Hesabu ya vifuko ikikubali, ndipo wafungue kopo.

Kopo lina 25,300. Kundi litatoa 16,000 na kushangilia faida ya 9,300. Waache washangilie kidogo, kisha uulize chenji ya asubuhi ilitoka wapi. Ile 5,000 si mauzo. Mtaji na chenji ni 21,000. Ukivitoa kwenye 25,300 zinabaki 4,300, na hiyo ndiyo faida yao ya leo.

Wahakiki kwa njia ya pili. Mauzo ya taslimu ni 20,800, toa gharama 16,000, inabaki 4,800. Kopo linasema 4,300. Pengo la 500 ni chenji iliyozidishwa kwa mnunuzi au kifuko kilichoandikwa hakijalipwa. Usiwaruhusu kulijaza mfukoni mwao wala kufuta mstari. Waandike "upungufu 500" na waendelee, maana ukiwaaibisha kwa pengo, mara nyingine watalificha.

Watabishana juu ya vile sita vya 300, kwamba vimeuzwa chini ya gharama ya 320. Ni kweli kila kimoja kimepungua 20, lakini gharama ilishatumika tangu asubuhi, na kifuko kilichobaki mezani kinaleta sifuri. Kosa lingekuwa kutangaza punguzo mapema: wanafunzi wakijua saa ya bei kushuka, watasubiri.

Wapige na hesabu ya muda. Watu watano, saa nne kila mmoja, ni saa 20. 4,300 gawa kwa 20 ni shilingi 215 kwa saa. Namba hiyo isiwavunje moyo, iwafanye waulize kazi ipi ilikula muda mwingi. Kwa kawaida ni kumenya na kukata. Sufuria na ubao wa kuazima nao uandikwe bila thamani, wajue kwamba biashara ya kweli ingevilipia.

Mwisho wagawane. 4,300 kwa watano ni 860, na sarafu ya kumi hawataipata. Kila mmoja achukue 850, na 50 ibaki kwenye daftari la mtunza kopo. Vifuko vitatu vya mkopo viandikwe ukurasa wa wadaiwa, jina na tarehe, visiingizwe kwenye faida leo. 1,500 hiyo ikilipwa, kila mmoja anaongezewa 300.