Barua kwa Mhariri: Mkifuta mstari wa Wabelgiji, mtachora wa nani?

Bwana Mhariri,

Makala mliyochapa kuhusu "mipaka ya Berlin" imesomwa sana huku kwetu Katuba, hata ikazua ubishi kwenye vibaraza. Mwandishi wenu anasema Kongo ilichorwa mezani na wageni, hivyo haina uhalali, na kwamba dawa yake ni kuirudishia Katanga mipaka yake "ya asili". Nimefundisha historia sekondari mpaka nilipostaafu, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha kidogo. Hoja yake ya kwanza ina ukweli ndani yake. Ya pili inaiangusha ile ya kwanza, na yeye mwenyewe hakuliona hilo.

Tuanze na Berlin. Mkutano uliomalizika Februari 1885 ulijadili biashara huru katika bonde la Kongo, usafiri wa mitoni, na utaratibu wa dola moja kuzijulisha nyingine pale inapojitwalia sehemu ya pwani. Mpaka wetu wa kusini haukuchorwa pale. Unatokana na mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa mwenye Kongo. Wakati huo Msiri, mtawala wa Katanga ya kusini, alikuwa amekwisha kuuawa kwa risasi Bunkeya, Desemba 1891, mwaka mmoja tu baada ya kukataa kutia sahihi karatasi za Waingereza. Hakuna aliyebaki wa kuulizwa, na hata angekuwepo asingeulizwa.

Nasisitiza mkataba huo kwa sababu una maneno, na maneno husomeka. Unasema mpaka upande na mto Luapula hadi pale mto unapotoka ziwa Bangweulu, kisha ushuke moja kwa moja kusini kwa mstari wa longitudo, mpaka kwenye mwinuko unaogawa maji yaendayo Kongo na yale yaendayo Zambezi, halafu uufuate mwinuko huo kuelekea magharibi. Ukiwa Brussels au London, maneno hayo hayana tatizo. Ukiwa Bangweulu mwenyewe unaona vinamasi na matete, maji yanachuja huku na kule, na haiwezekani kuonyesha kwa kidole mahali ambapo ziwa linaishia na mto unaanzia. Wapimaji wa pande mbili walikuja kuanzia 1911 kuyapatia maneno hayo nguzo za kuyashika, miaka 17 baada ya wino kukauka.

Kilichotokea ndicho tunachokiita buti la Sakania. Ni kipande cha Kongo kilichochomoza ndani ya Zambia na kuutenga mkoa wao wa Luapula na ule wa shaba. Mtu wa Mansa akitaka kwenda Mufulira, miji yote miwili ya Zambia, anavuka Luapula pale Chembe, anagongewa muhuri wa kutoka, anaingia Kongo, anasafiri kama kilomita 70 katika nchi ya kigeni, kisha anagongewa tena Mokambo ili arudi nchini mwake. Asipotaka hayo, azunguke kwa upande wa Serenje, mamia ya kilomita zaidi. Upande wetu ni hivyohivyo. Walamba, Walala na Waaushi wako huku na wako kule, na msiba ukitokea ng'ambo mama wa Mokambo anafunga kitenge, anachukua unga wake, anavuka. Kama ana karatasi, vizuri. Kama hana, anatoa kitu kidogo.

Mwandishi wenu akitafuta mfano wa mstari wa kipumbavu, nampa huo bure. Lakini aangalie pia kile ambacho mstari huo haukufanya. Damu iliyomwagika Katanga tangu 1960 haikutokana na buti la Sakania. Malalamiko ya watu wa kule ni ya mihuri, askari wa barabarani na ada zisizo na risiti. Daraja la Chembe lililofunguliwa 2008 mahali pa kivuko liliwapunguzia taabu hata bila nguzo moja ya mpaka kuhamishwa. Na Agosti 2024, Zambia ilipofunga vituo vya mpakani vya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache, Leopold hakuwa na mkono. Chanzo kilikuwa amri ya serikali yetu ya kuzuia soda na bia za Zambia. Sisi Lubumbashi, tunaokula mahindi ya Zambia, tunajua vilivyo nani anaweza kuukaza mpaka na nani anaweza kuulegeza.

Sasa nije kwenye hiyo Katanga ya asili.

Ni ipi hiyo, Bwana Mhariri? Dola ya Msiri ilikuwa na kitovu Bunkeya, na haikuwatawala Waluba wote wa kaskazini wala Walunda wote wa magharibi. Hao walikuwa na dola zao, tena za zamani kuliko yake. Katanga tunayoijua kwenye ramani ilianza kama eneo la kampuni. Mwaka 1891 Leopold aliipa Kampuni ya Katanga theluthi moja ya ardhi ya eneo hilo, na mwaka 1900 ikaundwa Kamati Maalumu ya Katanga kuisimamia ardhi yote kwa pamoja, mapato yakigawanywa theluthi mbili kwa dola na moja kwa kampuni. Upande wa kaskazini walichukua latitudo ya 5 wakaona inatosha. Yaani ni rula ileile, tena mkono uleule.

Na watu wa kaskazini hawakusahau. Katika uchaguzi wa Mei 1960, chama cha Konakati cha Tshombe na kile cha Waluba wa kaskazini, Balubakati ya Sendwe, vilikaribiana sana kwa viti katika baraza la jimbo. Sheria ya Msingi ilitaka theluthi mbili ya wajumbe wawepo ndipo serikali ya jimbo iundwe. Balubakati wakasusa, akidi ikakosekana. Wabelgiji wakaibadilisha sheria, wingi wa kawaida ukatosha, na Tshombe akaunda serikali ya watu wake. Serikali hiyo ndiyo iliyotangaza uhuru wa Katanga tarehe 11 Julai 1960. Hakuna nchi yoyote duniani iliyoutambua, hata Ubelgiji iliyokuwa na maofisa wake humo ndani.

Kule Manono, mwanzoni mwa 1961, Balubakati wakaweka makao ya jimbo lao wenyewe wakaliita Lualaba, wakijitoa kwa Tshombe. Hoja zao zilikuwa zilezile ambazo Tshombe alikuwa akiitupia serikali kuu ya Leopoldville, Kinshasa ya leo: hamkutuuliza, mmetuunganisha kwa nguvu, utajiri wetu mnaula ninyi. Majibu waliyopata ni vijiji kuchomwa moto na jeshi la jandarma. Mwandishi wenu amezungumzia Januari 1963, siku za mwisho za Katanga huru, kwa majonzi makubwa. Manono hakuitaja hata mara moja.

Tena kuna 1992 na 1993, ambayo wengi wetu tuliiona kwa macho. Wakati huo "asili" ilitafsiriwa hivi: jirani aliyezaliwa Likasi, baba yake alizaliwa Likasi, lakini babu alitoka Kasai kufanya kazi migodini, huyo ni mgeni, aondoke. Familia zilipiga kambi stesheni za Likasi na Kolwezi na magodoro na masufuria, zikingoja treni wiki baada ya wiki, watoto wakifa kwa surua na kuhara. Hakuna mstari wa mkoloni uliohusika pale. Mstari ule ulichorwa na sisi, katikati ya mitaa yetu.

Kuna jambo moja ambalo makala yenu imelipita na ambalo lingemsaidia mwandishi wenu kuliko Berlin. Mwaka 1992 kikundi kilichojiita Bunge la Watu wa Katanga kilipeleka madai mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kikiomba Katanga itambuliwe kuwa nchi huru. Uamuzi ulitoka 1995. Watu husimulia kwamba Tume ilikataa kwa sababu ya azimio la Kairo la Julai 1964, lile la marais wa Afrika kuapa kuheshimu mipaka waliyoirithi. Hapana. Tume ilikubali kwamba watu wana haki ya kujiamulia, ikataja njia mbalimbali za kuitumia, uhuru kamili, utawala wa ndani, shirikisho na nyinginezo. Kisha ikauliza ushahidi. Uko wapi ushahidi wa ukiukaji wa haki za binadamu mkubwa kiasi cha kutilia shaka umoja wa ardhi ya Zaire? Uko wapi ushahidi kwamba watu wa Katanga wamenyimwa kushiriki katika serikali, kama kifungu cha 13 cha Mkataba wa Afrika kinavyowahakikishia? Walalamikaji hawakuleta. Madai yakaanguka.

Hapo huwa nashindwa kujizuia. Zaire ya Mobutu, rais yuleyule tangu 1965, chama kimoja mpaka 1990, halafu mtu akakosa ushahidi kwamba wananchi hawakushirikishwa! Walipeleka ramani na historia, kumbe walipaswa kupeleka mafaili. Hata hivyo uamuzi wenyewe naupenda, kwa sababu umehamisha swali. Haukuuliza nani alichora mpaka. Umeuliza serikali iliyo ndani ya mpaka inamtendea vipi mtu, na ukaacha wazi kwamba umoja wa nchi hauwezi kuwa ngao ya kila kitu.

Kwa kipimo hicho, Kinshasa ina kesi ya kujibu, na kesi hiyo iko kwenye karatasi zake yenyewe. Kifungu cha 175 cha Katiba ya 2006 kinazipa provinsi asilimia 40 ya mapato ya kitaifa yanayokusanywa kwao, tena zikatwe palepale kwenye chanzo. Hazikatwi kwenye chanzo. Pesa zinapanda Kinshasa zote, halafu kinarudishwa kiasi wanachopenda, siku wanayopenda. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa provinsi nne, na asilimia 40 ikabaki hadithi katika zote nne. Sheria ya madini ya 2018 nayo imegawa mrabaha: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa provinsi, 15 kwa sekta, sheferi au mji wenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 angalau inalipwa moja kwa moja, na pale inapolipwa ugomvi umehamia kwa wakuu wetu wa hapahapa: imejenga nini?

Ombi langu basi ni hili. Gazeti lenu lina waandishi Kolwezi, Likasi na hapa. Wekeni kila mwezi safu moja: Haut-Katanga ilistahili kiasi gani chini ya kifungu cha 175, ilipata kiasi gani, na pesa iliingia tarehe ngapi. Halafu safu ya pili kwa ajili ya ile asilimia 15, jina la sekta kwa sekta. Takwimu za shaba inayotoka Kasumbalesa mnazichapa tayari, kwa hiyo mahali pa kuanzia mnapo.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Katuba, Lubumbashi