Tuhifadhi bakteria kabla ya kununua mashine

Mhariri,

Makala mliyochapisha kuhusu mashine za kusoma jenomu ya bakteria, yaani maandishi yote ya vinasaba vyake, imenifanya niandike. Inamwacha msomaji akiamini kwamba hospitali ikishapata mashine hiyo, chanzo cha mlipuko wa ugonjwa kitajulikana chenyewe. Nafanya kazi katika maabara ya hospitali na ningependa sana tuwe nayo. Lakini kazi ya mashine ni kulinganisha bakteria wa mgonjwa na bakteria wa mahali pengine, na wote wawili lazima wawepo mkononi. Sisi tunao kwa siku chache tu, kisha tunawateketeza.

Kisa cha listeria, bakteria anayeenea kwa chakula, nchini Afrika Kusini kinaonyesha ninachosema. Katikati ya mwaka 2017 madaktari wa wodi za watoto wachanga waliona listeria ikiwapata watoto wengi kuliko kawaida, wakatoa taarifa kwa Taasisi ya Taifa ya Magonjwa ya Kuambukiza, NICD, mjini Johannesburg. Mlipuko ulitangazwa rasmi tarehe 5 Desemba 2017. Chanzo kilikuwa hakijulikani, na si ajabu: kati ya kula chakula chenye listeria na kuugua zinaweza kupita siku 70. Mama aliyejifungua mtoto mgonjwa leo utamuuliza vipi alichokula miezi miwili iliyopita? Hata hivyo waliuliza. Kati ya wagonjwa 109 waliohojiwa, 93 walikuwa wamekula nyama za kusindikwa zinazoliwa bila kupikwa tena, na iliyotajwa zaidi ni poloni, ile soseji nene ya bei nafuu inayokatwa vipande na kuwekwa kwenye mkate.

Wakati huohuo NICD ilikuwa ikisoma jenomu za bakteria waliopatikana kwa wagonjwa. Jenomu ya listeria ina herufi milioni 2.9 hivi. Hatua ya kwanza ni kutazama jeni 7 tu, na hizo humweka bakteria katika ukoo wake. Zaidi ya asilimia 90 ya waliosomwa walikuwa wa ukoo mmoja, ST6. Hapo ndipo watu wengi hukosea. ST6 ni ukoo mkubwa unaopatikana katika nchi nyingi, kwa hiyo wagonjwa wawili wenye ST6 hawajathibitika kuwa na chanzo kimoja. Inabidi ulinganishe jenomu nzima. Mfumo unaotumika sana kwa listeria hutazama jeni 1,748, na bakteria wanaotofautiana kwa jeni zisizozidi 7 huhesabiwa kuwa wa aina moja. Namba hiyo ni mwongozo, si sheria. Bakteria aliyekaa kiwandani kwa miaka hujikusanyia mabadiliko machache, na mtu anayesoma matokeo lazima ajue hilo kabla ya kutamka kwamba hawa ni ndugu au si ndugu.

Mlango ulifunguka tarehe 12 Januari 2018. Watoto tisa wa chini ya miaka mitano kutoka kituo kimoja cha kulelea watoto walifikishwa Hospitali ya Chris Hani Baragwanath, Soweto, wakiwa na homa na kuharisha. Daktari wa watoto alishuku chakula, akaitaja na listeria. Siku hiyohiyo maofisa afya walikwenda kituoni na kuchukua poloni za viwanda viwili tofauti. Listeria iliota kutoka kwenye kinyesi cha mtoto mmoja na kutoka kwenye poloni zote mbili. Kufikia tarehe 27 Januari NICD ilithibitisha kwamba bakteria wote watatu ni ST6.

Fikirieni kama uchunguzi ungeishia hapo. Poloni za makampuni mawili, zote na bakteria wa ukoo uleule. Jenomu pekee isingeweza kusema ipi ilianza, kwa sababu haionyeshi bakteria alihama kutoka wapi kwenda wapi. Poloni iliyofunguliwa huichafua nyingine kwa kisu, kwa mkono au kwa kugusana tu, na listeria huendelea kuzaliana hata ndani ya jokofu. Ilibidi maofisa waende viwandani na kupangusa mashine, sakafu na mifereji. Katika kiwanda cha Enterprise, mmoja wa watengenezaji wa poloni hizo mbili, huko Polokwane, zaidi ya asilimia 30 ya sampuli za mazingira zilikuwa na listeria, na angalau 16 zilikuwa na ST6. Katika kiwanda cha kampuni ya pili listeria ilipatikana, lakini si ST6. Tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, alitangaza chanzo na bidhaa zikaondolewa madukani.

Ukihesabu kuanzia Juni 2017 hadi mwanzoni mwa Aprili 2018, wagonjwa walikuwa 937, na nusu ya visa ilihusu ujauzito. Kati ya wagonjwa 728 ambao mwisho wao ulijulikana, 193 walifariki. Namba ninayotaka tuitafakari ni nyingine: wagonjwa ambao bakteria wao walipatikana kwa ajili ya kusomwa walikuwa 609. Hiyo ni nchi yenye mtandao wa taifa wa maabara. Wagonjwa waliobaki hawakuweza kuunganishwa na chanzo kwa jenomu, hata kama waliugua kwa poloni ileile.

Katika maabara nilizopitia mimi, tunaotesha damu au maji ya uti wa mgongo, tunamtambua bakteria, tunapima dawa zinazomuua, tunatoa majibu, na sahani inaingia kwenye otoklevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke. Miezi mitatu baadaye daktari akija kuuliza kama watoto wachanga wa wodi yake waliugua kwa bakteria mmoja wa klebsiela aliyetoka kwenye sinki au kwenye chupa ya dripu, tunabaki na karatasi ya majibu. Karatasi haina jenomu.

Kuhifadhi si kazi kubwa. Unachagua koloni moja safi, yaani kundi la bakteria waliotokana na mmoja, unaiotesha tena usiku mmoja, kisha unaiweka kwenye kichupa chenye mchuzi wa kuoteshea uliochanganywa na gliseroli kiasi cha asilimia 20, na kukigandisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Bakteria atakaa miaka. Usafi wa koloni ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Ukihifadhi mchanganyiko, tatizo litaonekana baada ya fedha kutumika: jenomu ya listeria itatoka na herufi milioni 5 au 6 badala ya 2.9, na mahali pamoja mashine itasoma herufi mbili tofauti. Matokeo hayo hayafai kitu. Kichupa kisicho na tarehe, wodi na namba ya mgonjwa nacho hakisaidii, maana bila hivyo hutajua nani alilala karibu na nani, na lini.

Ninachoiomba Wizara ya Afya ni kanuni ya kuzibana maabara zote za hospitali za rufaa, za serikali na za binafsi, kuhifadhi kwa angalau mwaka mmoja kila bakteria aliyeota kutoka kwenye damu na maji ya uti wa mgongo. Pili, maofisa afya wapewe masanduku ya baridi na mafuta ya gari, ili wachukue chakula siku ileile daktari anapopiga simu. Wale wa Soweto wangechelewa hadi Jumatatu, huenda poloni ingekuwa imeliwa au imetupwa. Mashine yenyewe inaweza kuwa moja katika maabara ya taifa, na vichupa vikasafirishwa kwenda huko.

Mteknolojia wa maabara,
Morogoro