Asubuhi njema, na usijibu

Ndugu yangu,

Asubuhi njema. Ujumbe wenyewe ndio huo, na ungeweza kuishia hapo. Haya mengine yasome ukipata nguvu, hata jioni.

Juzi nilizipitia meseji nilizokutumia wiki hizi tatu, nikaona aibu. Karibu zote zinaanza na salamu na kuishia na swali. Umelala? Umekula? Mbona kimya? Mtu mzima wa afya huyajibu hayo huku anavaa viatu. Kwako kila moja lilikuwa mzigo: ukisema kweli itakubidi ueleze hadi uchoke, ukisema "nipo salama" umedanganya. Ukanyamaza. Nami, kwa ujuaji wangu, nikakuongezea "jipe moyo".

Uliwahi kuniambia kwamba asubuhi ndiyo inayokuelemea kuliko saa zote, jioni angalau unapumua. Moyoni nilisema ni uvivu wa kitandani. Nisamehe. Kumbe ni jambo linalowapata wengi wenye sonona: mtu huzinduka alfajiri, saa mbili kabla ya wakati wake, usingizi haurudi, kila kitu kinamlemea, halafu jua likisogea uzito nao unapungua kidogo. Kwa hiyo yale unayojiambia saa kumi na moja alfajiri, kwamba hufai na umewachosha watu, usiyatolee hukumu saa hiyo. Yaache mpaka jioni, tuyatazame wote wawili.

Kuanzia kesho nitakuandikia hivi: "Nimeamka nikakukumbuka. Saa kumi na moja jioni nitapita, tukae nje kidogo. Kama huna maneno, tutakaa kimya." Hamna swali humo. Ukitaka nijue umeiona, nitumie nukta moja tu. Nukta mbili maana yake nije mapema. Usipotuma chochote sitanuna, na saa kumi na moja nitabisha hodi vilevile.

Lipo la daktari pia. Huzuni ya karibu kutwa nzima, au kukosa hamu hata ya vitu ulivyokuwa ukivipenda, ikifika wiki mbili mfululizo, si ya kusubiri ipite yenyewe. Wewe umeshazipita. Chagua siku, nitakusindikiza na kukaa kwenye benchi mpaka utoke. Mtakayozungumza humo, ukipenda utanisimulia, usipopenda basi.

Swali moja nimelibakiza, sitaki kuliuliza kwa meseji. Nitakuuliza uso kwa uso kama umekuwa ukiwaza kufa. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, na jibu lolote utakalotoa nitalibeba. Lakini wazo hilo likikujia kabla sijafika, achana na mambo ya nukta. Piga simu, hata ikiwa saa nane za usiku. Sauti ya simu nimeiacha juu, na simu yenyewe naiweka karibu na mto.