Lebo za chumba cha baridi

Habari za jioni wapendwa. Naomba tuelewane kuhusu vyakula tunavyochanganya. Mchuzi uliopikwa Jumatatu ukitiwa kwenye mboga zilizopikwa Jumatano, lebo ya chombo kipya iandikwe Jumatatu, kwa sababu mchuzi ule umri wake uko palepale. Jikoni kwetu mwisho ni siku 3, na siku ya kupika ndiyo ya kwanza. Kwa hiyo chakula hicho ni cha Jumatano hiyohiyo tu, kitakachobaki kimwagwe usiku. Hata kukipasha moto hakubadilishi tarehe.

Lebo ibandikwe ubavuni mwa chombo, maana mifuniko huchanganyika wakati wa kuosha. Mkikuta chombo kisicho na tarehe, msikionje kukipima. Chakula kinaweza kuwa na bakteria hatari bila kunuka. Kitupwe.